Kwaya Ikipaza, Inveta Isizime

Ibada imefika wimbo wa tatu. Kinanda kimeanza taratibu, sauti za akina mama zimefuata, maiki zote zinafanya kazi. Halafu mpiga ngoma anashusha mkono, besi inaungana naye, na papo hapo inveta iliyo chini ya meza ya mitambo inalia na spika zinanyamaza. Baada ya sekunde chache umeme unarudi wenyewe. Wimbo unaanza upya, ngoma inapigwa, umeme unakata tena. Jumatatu fundi anakuja, anapima betri na kuikuta na volti 12.6, yaani imejaa. Anashika nyaya, anazikuta baridi. Anawaambia wazee wa kanisa kwamba mfumo hauna tatizo.

Betri kweli imejaa na nyaya kweli ni baridi, lakini tatizo lipo, na kwa kawaida lilikuwepo tangu siku mfumo ulipofungwa. Mara nyingi chanzo chake ni kwamba vyombo vya sauti vilipigiwa hesabu ileile inayotumika kwa balbu na televisheni.

Namba mbili badala ya moja

Balbu ya wati 10 inakula wati 10 tangu inapowashwa hadi inapozimwa. Anayepanga umeme wa nyumba huzidisha wati kwa saa za matumizi, akapata kiasi cha umeme anachohitaji kwa siku. Amplifaya haili umeme hivyo. Mchungaji anapohubiri kwa sauti ya kawaida, amplifaya iliyoandikwa wati 1,000 inapeleka kwenye spika wati chache tu. Akinyamaza kuvuta pumzi, karibu hakuna kinachokwenda. Ngoma kubwa inapopigwa, kwa sehemu ndogo ya sekunde zinaweza kuhitajika karibu wati zote 1,000, kisha mahitaji yanashuka tena kabla pigo la pili halijaja.

Watengenezaji wa amplifaya wanalijua jambo hili. Ndiyo maana wengi wao hupima matumizi ya umeme ya vyombo vyao kwenye moja ya nane ya nguvu kamili, kwa kuwa kiwango hicho kinakaribiana na muziki uliopazwa sana bila sauti kukwaruza. Moja ya nane ya wati 1,000 ni wati 125.

Kwa hiyo mfumo wa sauti una namba mbili: kilele na wastani. Kilele ndicho kinachoamua ukubwa wa inveta, unene wa nyaya, fyuzi, na uwezo wa betri kutoa mkondo mkubwa kwa ghafla. Wastani ndio unaoamua ukubwa wa paneli na kiasi cha umeme ambacho betri inapaswa kutunza. Anayetumia kilele kwa kila kitu ananunua betri na paneli mara nne au tano ya zinazohitajika, au anakata tamaa kwa gharama. Anayetumia wastani kwa kila kitu ananunua inveta ndogo na nyaya nyembamba, na mfumo wake unazima kwenye pigo la kwanza la ngoma.

Kabla ya hesabu yoyote, isomwe namba sahihi. Maboksi mengi ya spika za bei nafuu yameandikwa maelfu ya wati za PMPO. Hiyo ni namba ya matangazo, na kila kiwanda huipata kwa njia yake. Inayofaa ni ile iliyoandikwa RMS, pamoja na kibandiko kilicho nyuma ya chombo kinachoonyesha kinavuta umeme kiasi gani.

Kanisa la waumini mia mbili

Tuchukue mfano wa kanisa la waumini 200 katika kitongoji cha wilaya ya Nkasi, mkoani Rukwa, ambako nguzo za umeme hazijafika. Lina amplifaya moja ya wati 1,000 RMS, wati 500 kila upande, ya aina ya kisasa iliyo nyepesi, maarufu kama daraja D. Pia lina miksa, kinanda na vipokezi vya maiki zisizo na waya, ambavyo kwa pamoja vinakula wati 70 muda wote. Ibada ya Jumapili inachukua saa nne: saa moja na nusu ni nyimbo na ngoma, saa mbili na nusu ni mahubiri, sala na matangazo.

Wakati wa nyimbo amplifaya ya namna hiyo inavuta kama wati 220. Kati ya hizo 125 zinakwenda kwenye spika, na nyingine zinaishia ndani yake kama joto. Wakati wa mahubiri inavuta kama wati 60. Nyimbo basi zinakula wati-saa 330, mahubiri 150, na vyombo vile vidogo 280. Jumla ni 760. Inveta nayo ina ulaji wake na upotevu wake, hivyo kinachotoka kwenye betri Jumapili nzima ni kama wati-saa 930.

Fundi aliyezidisha wati zote za kwenye kibandiko kwa saa nne angepata zaidi ya wati-saa 4,200, akaliuzia kanisa betri nane badala ya mbili. Kwa betri za risasi, ambazo hazifai kutumika zaidi ya nusu ya ujazo wake zikitarajiwa kudumu, kanisa hili linatosheka na betri mbili za ampea-saa 100 zilizounganishwa kupata volti 24. Ndani yake mna wati-saa 2,400, na nusu ya hizo ni 1,200. Ibada inatosha na inabaki akiba.

Aina ya amplifaya ina uzito mkubwa katika hesabu hii. Amplifaya ya zamani yenye transfoma nzito inaweza kuvuta wati 450 au zaidi kwa nyimbo zilezile, na wati 100 na ushei hata pasipo mtu kusema neno. Kanisa lililopewa amplifaya kama hiyo bure linaweza kulipia zawadi hiyo kwa betri za ziada.

Hiyo ndiyo hesabu ya wastani. Sasa kilele. Pigo la ngoma likihitaji wati 1,000 kwenye spika, amplifaya inavuta kama 1,250, na vile vyombo vidogo vinafikisha 1,320. Inveta inayofaa ni ya wati 1,500 hadi 2,000 za kudumu, tena ile inayotoa umeme wa mawimbi laini kama ya gridi. Zile za bei rahisi zenye mawimbi ya ngazi mara nyingi huleta mvumo kwenye spika ambao hauondoki kwa kuchezesha vitufe vya miksa.

Pale umeme unapopotelea

Wati 1,320 zikitolewa na betri ya volti 12 kupitia inveta, mkondo unafika kama ampea 122. Zikitolewa kwa volti 24, ni kama ampea 61. Tofauti hiyo inaeleza sehemu kubwa ya kuzima kwa mitambo katika nyumba za ibada.

Kila waya una ukinzani, na ukinzani huo unakula volti kadiri mkondo unavyopanda. Turudi kwa kanisa ambalo fundi aliliona halina tatizo. Betri yake ya volti 12 iko chumba cha nyuma, mita nne kutoka kwenye inveta, na waya uliotumika ni wa milimita 6 za mraba, unaopatikana kirahisi madukani. Kwenda na kurudi ni mita nane. Ukinzani wa waya wa shaba wa urefu na unene huo ni kama omu 0.023. Ampea 122 zikipita humo, volti 2.8 zinapotea njiani. Betri inatoa volti 12.4, inveta inapokea 9.6. Inveta nyingi za volti 12 hujizima zikiona volti zimeshuka chini ya 10.5 au karibu na hapo, kwa kuwa zimewekwa hivyo ili kuilinda betri isikamuliwe hadi mwisho. Inveta inadhani betri imekwisha, kumbe volti zimeliwa na waya.

Nyaya zilikuwa baridi kwa sababu wastani wa mkondo katika ibada hiyo ni kama ampea 20 tu. Joto la waya linafuata mkondo wa muda mrefu, ilhali inveta hukata kwa mshuko wa ghafla. Kwa vyombo vya sauti, basi, mkono wa fundi juu ya waya si kipimo cha kutosha.

Kanisa letu la mfano linafuata njia nyingine. Betri ni za volti 24, na inveta imewekwa jirani nazo, mita moja na nusu tu, kwa waya wa milimita 25 za mraba. Mkondo ni nusu, waya ni mfupi na mnene, na kwenye kilele volti inayopotea ni kama 0.13. Kama meza ya mitambo iko mbali, kinachorefushwa ni waya wa umeme wa volti 230 unaotoka kwenye inveta. Huo unabeba mkondo mdogo, na waya wa kawaida wa soketi unautosha.

Mwishoni mwa waya mnene lazima ziwepo lagi za shaba zilizokandamizwa kwa kifaa chake. Nyuzi zilizosokotwa kwa vidole na kubanwa chini ya boliti huanza vizuri, kisha hupata kutu na kulegea, na hapo volti hupotea kwenye kiungo badala ya waya. Karibu kabisa na betri iwekwe fyuzi ya umeme wa betri, kwa mfumo huu ya ampea 100. Fyuzi hiyo haitakatika kwa pigo la ngoma. Kazi yake ni siku waya chanya utakapogusa hasi, kwa kuwa wakati huo betri inaweza kumwaga zaidi ya ampea elfu moja kwa mara moja. Kipande cha waya kilichowekwa badala ya fyuzi kinaweza kuunguza jengo.

Kipimo cha pasi

Mita ya kawaida ya kidijitali ni nzito kuliko ngoma. Namba zake hubadilika mara mbili au tatu kwa sekunde, na mshuko wa volti unapita kabla haijauonyesha. Njia rahisi ya kuufanya mshuko usimame ni kutumia pasi ya umeme ya wati 1,000. Pasi inavuta kiasi kilekile mfululizo inapopata moto, na kwa mfumo wa volti 12 hiyo ni kama ampea 90.

Spika zinazimwa, pasi inachomekwa kwenye inveta, na ndani ya nusu dakika vinachukuliwa vipimo viwili. Cha kwanza ni kwenye vichwa vya betri vyenyewe. Cha pili ni kwenye boliti za inveta pale waya unapoingia. Kama betri inaonyesha volti 12.0 na inveta 9.9, tofauti hiyo ya zaidi ya volti 2 iko kwenye waya, viungo au kishikio cha fyuzi, na kununua betri mpya hakutasaidia chochote. Kama namba zote mbili zimeshuka pamoja, tuseme hadi 10.8, wakati pasi ilipochomekwa betri ilikuwa imejaa na kupumzika, basi betri ndiyo imechoka au ni ndogo mno. Mfumo uliofungwa vizuri hauachi zaidi ya volti 0.3 kati ya vipimo viwili.

Betri za lithiamu zina tabia yake. Zinashikilia volti vizuri zaidi kwenye kilele, na asilimia 80 ya ujazo wake inatumika bila wasiwasi. Lakini ndani yake mna saketi ya ulinzi yenye ukomo wa mkondo. Betri iliyoandikwa ukomo wa ampea 50 ikiombwa ampea 61 inaweza kukata kila kitu kwa mara moja, bila hata mlio wa tahadhari. Mnunuzi aangalie namba hiyo ya mkondo, pamoja na ile ya ampea-saa inayotajwa zaidi dukani.

Paneli ndogo, wiki nzima

Kanisa lina faida ambayo nyumba haina: linatumia umeme mwingi siku moja na kidogo siku nyingine. Jumapili wati-saa 930, na mazoezi mawili ya kwaya katikati ya wiki tuseme 300 kila moja. Jumla ya wiki ni kama 1,530, yaani wastani wa 220 kwa siku. Mfumo huu ni kama tangi linalojazwa na chemchemi nyembamba wiki nzima, kisha likafunguliwa kwa bomba pana.

Kwa jua la saa nne kamili kwa siku, kiwango cha tahadhari kwa sehemu kubwa ya Tanzania, paneli ya wati 100 baada ya upotevu inaingiza kama wati-saa 280. Kwa hesabu ya umeme peke yake, paneli moja inatosha. Ila betri za risasi haziridhiki na hilo. Zikiachwa nusu tupu kwa siku nyingi, salfa huganda kwenye bamba zake na ujazo hupungua moja kwa moja. Zinataka kujazwa mapema, kwa mkondo wa karibu moja ya kumi ya ampea-saa zake, yaani ampea 10 kwa kanisa hili. Hivyo paneli za jumla ya wati 300 ndizo zinazofaa, na betri zinajaa tena kufikia Jumatatu jioni au Jumanne.

Kuna jambo jingine jema. Ibada ya saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana inaangukia jua kali la siku. Paneli za wati 300 katika saa hizo zinaweza kutoa wati 150 hadi 200, karibu na kile ambacho ibada inakula kwa wastani. Siku kama hiyo kazi kubwa ya betri ni kubeba vilele, na wakati wa kufunga ibada inakuwa bado karibu kujaa. Mkesha wa usiku hauna msaada huo. Kanisa lenye desturi ya mikesha lipange betri kwa usiku, lisipange kwa Jumapili.

Msikitini hesabu inageuka

Adhana ni mkupuo mfupi zaidi. Mara tano kwa siku, kila moja kama dakika nne, ni dakika 20. Amplifaya ya wati 60 inayosukuma honi za mnarani inakula kama wati-saa 20 kwa adhana zote tano. Kiasi hicho ni kidogo kuliko balbu ya wati 5 inayowaka usiku kucha.

Hata hivyo betri za misikiti mingi huisha kabla ya alfajiri, kwa sababu amplifaya na inveta huachwa vimewaka saa 24 vikisubiri adhana. Vikivuta wati 30 pamoja bila kutoa sauti, kwa siku ni wati-saa 720, mara 36 ya adhana yenyewe. Dawa yake ni swichi moja karibu na maiki ya muadhini, ya kuwasha kabla ya adhana na kuzima baada ya swala.

Dawa bora zaidi ni kuiondoa inveta. Amplifaya nyingi za matangazo, zikiwemo za kampuni ya Ahuja ya India ambazo ni maarufu Afrika Mashariki, zina matoleo yenye vituo vya kuunganisha betri moja kwa moja, volti 12 au 24 kutegemea modeli. Msikiti unaotumia vituo hivyo hauna inveta ya kulisha wala ya kuzima ghafla. Kipindi cha kupigia hesabu ni Ramadhani, kwa tarawehe na darsa za usiku, si siku ya kawaida. Na kwa kuwa Ramadhani husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, lazima ipo miaka itakayoangukia masika. Jua la kupigia hesabu basi ni la mwezi wenye mawingu.

Honi za mnarani zinafundisha jambo ambalo makanisa mengi hayalitazami. Honi ya wati 30 inasikika kijiji kizima kwa sababu inageuza umeme kuwa sauti kwa ufanisi. Kila spika ina namba hiyo, iliyoandikwa kwa desibeli kwa wati moja kwenye mita moja. Spika ya desibeli 98 inatoa sauti ileile ya spika ya desibeli 92 kwa robo ya umeme. Kanisa linalobadili spika kwa kufuata namba hiyo linaweza kushusha kilele kutoka wati 1,000 hadi 250, na hapo inveta, waya na betri vyote vinapungua. Kwenye miksa pia kuna kitufe kidogo cha kila maiki kilichoandikwa 75, 80 au 100 Hz. Kikibonyezwa, mivumo ya chini ya pumzi na mishindo ya mkono haifiki kwenye amplifaya, na waumini hawapotezi neno lolote la mahubiri.

Kamati inayokaribia kununua mfumo imwombe fundi aandike kwenye karatasi namba nne: kilele kwa wati, wastani kwa wati-saa za siku ya ibada, mkondo wa juu kabisa kutoka kwenye betri, na unene wa waya alioupanga kwa mkondo huo. Kisha sehemu ya mwisho ya malipo ibaki mkononi mwa mhazini hadi pasi ichomekwe, vipimo viwili visomwe mbele ya wazee, na kwaya ipige wimbo wake wenye ngoma nzito kuliko zote tangu mwanzo hadi mwisho.